Tunachomfundisha mtoto tukimsifia rangi: niliyowaambia wazazi kwenye kikao cha shule, Dodoma

Mbukwenyi wazazi wangu. Shikamooni baba zangu na mama zangu mlionizidi umri, na wenzangu habari za tangu asubuhi. Najua wengine mmetoka Nzuguni, wengine Ihumwa huko, kuna waliofunga genge ili wawahi hiki kikao, kwa hiyo sitawaweka sana. Mambo ya taaluma mwalimu wa taaluma kayamaliza, michango ya uji mwenyekiti kaisema, mimi nimepewa malezi, na kwenye malezi nimechagua kitu kimoja tu ambacho nakiona kila siku darasani. Rangi ya ngozi. Yani vile tunavyowasifia watoto weupe, na siku hizi vile tunavyowasifia weusi pia, na kile mtoto anachokibeba kichwani anaposikia hizo sifa.

Mimi nafundisha wadogo, awali mpaka la pili. Nitawapa habari ya watoto wawili niliowahi kuwafundisha, ndugu wa tumbo moja, siwataji na hawapo tena hapa, familia ilishahama kikazi. Mkubwa alikuwa la pili, mdogo yuko awali. Mkubwa mweusi kama baba yake, mdogo mweupe kama bibi yake mzaa mama. Nyumbani yule mdogo anaitwa Mzungu wa mama, na jina likatoka nyumbani likafika shuleni, hata mama wa vitumbua hapo getini akimwona anasema haka katoto keupe kazuri jamani, boda anayewaleta anasema hivyo hivyo, wageni wakija ofisini wanamshika shavu. Alafu wanamgeukia mkubwa, wanauliza, huyu ndo dada yake? Mbona hawafanani?

Naomba hapo mnisikilize vizuri. Yule mkubwa hakuna mtu aliyewahi kumtukana. Hakuna aliyemwambia wewe mbaya. Mama yake nilipokuja kumuita alilia ofisini, akasema mwalimu naapa sijawahi kumsema vibaya huyu mtoto, na mimi nilimwamini na mpaka leo namwamini. Kilichotokea ni kwamba mwenzake anasifiwa mbele yake kila siku kwa kitu ambacho yeye hana, na mtoto wa miaka nane anajua kutoa na kujumlisha, nimemfundisha mwenyewe.

Nilianza kuona kwenye kuchora. Tulikuwa na somo wachore familia, baba mama watoto kuku mbwa, na wakapewa rangi za kuchorea. Familia yote kaipaka kahawia isipokuwa mdogo wake kampaka rangi ya chungwa, na yeye mwenyewe kajiacha hivyo hivyo, mistari tu ya penseli bila rangi. Nikamuuliza mbona wewe hujajipaka? Akasema rangi yangu sio nzuri madamu. Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne. Baadaye kidogo akaanza kuja na vipele usoni, mashavuni na kwenye paji, tukadhani joto, tukadhani ni vumbi, mpaka mwenzake anayekaa naye dawati akasema anapaka losheni ya shangazi yake akienda kuoga. Mtoto wa la pili anajichubua, wazazi wangu, kwa siri, na hakuna mtu mzima aliyemwambia afanye hivyo.

Sasa wengi tukisikia habari kama hii tunamuonea huruma huyo mkubwa, ni sawa, lakini mimi nataka tumtazame na mdogo, yule anayesifiwa. Kwa sababu tunafikiri yeye anafaidika. Huyu mtoto wakati wa mapumziko alikuwa anakaa barazani. Wenzake wanacheza rede, wanakimbizana, yeye kaegemea ukuta kwenye kivuli. Nikadhani anaumwa. Nikadhani ana matatizo ya macho. Nikakaa naye chini nikamuuliza taratibu, akaniambia nikikaa juani nitakuwa mweusi kama dada. Miaka mitano! Mchakamchaka hataki, mazoezi ya riadha hataki, tukipanga mstarini anatafuta kivuli cha mwarobaini. Yani kile tunachomsifia kimekuwa kazi yake ya kulinda, na hapa Dodoma ukianza kulilinda shavu la mtoto na jua la saa nne utamfungia ndani mwaka mzima.

Ndo maana nasema sifa hii inamfundisha somo baya hata yule anayeipokea. Ukimsifia mtoto kwa kitu ambacho hakukifanya na hawezi kukiongeza, kinachobaki kwake ni kuogopa kukipoteza. Na hili halipo kwenye rangi tu. Mwaka 1998 kuna watafiti wawili kule Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Waliwapa mafumbo ya kutatua, rahisi kidogo, wote wakafanya vizuri. Alafu baadhi wakaambiwa mmefanya vizuri, lazima mna akili sana, na wengine wakaambiwa mmefanya vizuri, lazima mmejitahidi sana. Tofauti ni hiyo sentensi moja. Walipoulizwa sasa mnataka mafumbo ya aina gani, wale walioambiwa wana akili wengi wao wakachagua yale ambayo yatawafanya waonekane tena wana akili, waliosifiwa bidii karibu wote wakachagua yale magumu watakayojifunza kitu. Baadaye wakapewa magumu kweli, wakashindwa wote, alafu wakarudishiwa mafumbo ya kiwango kile cha mwanzo. Walioambiwa wana akili wakafanya vibaya kuliko mara ya kwanza! Na walipoombwa waandike alama zao kwa ajili ya watoto wa shule nyingine, karibu wanne katika kumi wakaandika alama za uongo, wakajiongezea.

Utafiti ule ulihusu akili, haukuhusu rangi, hilo niliseme wazi nisije nikawadanganya. Lakini akili angalau mtoto anaweza kufundishwa kwamba inakua kwa kusoma. Rangi unamwambia nini? Hakuna mtihani wa rangi wa kurudia. Akipata ukurutu, akiungua na uji, akicheza mpira mwezi wa tisa wote akarudi amekoza, sifa yake imeondoka na hana la kufanya, isipokuwa lile alilofanya dada yake na ile losheni.

Kuna wanaosema mwalimu, watoto wana macho, watatofautisha rangi tu hata tusiposema. Ni kweli wanaona. Mtoto mdogo sana anaona tofauti za rangi kama anavyoona huyu mrefu huyu mfupi. Lakini kuona ni kitu kimoja na kuipa thamani ni kitu kingine, na hiyo thamani anaisoma kwetu. Kuna mtafiti wa Texas anaitwa Rebecca Bigler, yeye na wenzake walichapisha kazi moja mwaka 2001, walichukua watoto wa shule ya msingi kwenye masomo ya likizo wakawavalisha fulana, wengine njano wengine bluu, kwa wiki kadhaa. Ukutani wakabandika mabango yanayoonyesha kundi moja ndo lenye washindi. Kwenye baadhi ya madarasa mwalimu alikuwa anazitumia zile rangi, anawaita kwa rangi, anawapanga kwa rangi, na kwenye madarasa mengine watoto wamevaa fulana hizo hizo, mabango hayo hayo, ila mwalimu hagusii kabisa habari ya rangi. Walipowapima, watoto wa lile kundi la washindi walianza kujiona wao ni bora, lakini ni kwenye yale madarasa ambayo mwalimu aliitumia rangi. Mwalimu hakuwa anamtukana mtu, alikuwa anaitaja na kuitumia kupangia watu, basi. Na nyumbani mwalimu ni wewe.

Sasa nije kwenye upande wa pili ambao ndo nauona zaidi miaka hii na unafanywa na wazazi wanaojali kweli. Mzazi ana binti mweusi, anajua dunia inasifia weupe, anasema mimi nitamjaza sifa wangu. Kila siku asubuhi, blakbyuti wangu, chokoleti yangu, weusi ndo uzuri, weupe ni ugonjwa. Nia ni nzuri sana na siwezi kumlaumu mtu hapo. Lakini angalia mtoto anapokea nini. Kwanza anajifunza kwamba rangi bado ndo kipimo, tumegeuza tu nani yuko juu, na keshokutwa akizaliwa mdogo wake mweupe humo humo ndani itakuwaje? Pili, watoto wanajua kunusa kubembelezwa. Mtoto anajiuliza mbona naambiwa mimi kila siku, mbona kaka haambiwi, maana yake kuna tatizo mahali. Niliwahi kumsikia wa la pili anamwambia mwenzake, mama ananiambia mimi ni mzuri kwa sababu anajua mimi ni mweusi. Na tatu kuna ile sifa yenye mkia, mweusi lakini mzuri, mweusi lakini ana nywele, mweusi ila wa kuvutia. Hiyo bora ukae kimya tu, mtoto hasikii mwisho, anasikia lile lakini.

Na sisemi tusitaje rangi kabisa. Kuna familia zinafanya hivyo, mtoto akiuliza mama mbona mimi mweusi na yule mweupe anaambiwa shshh, usiseme hivyo. Hapo anajifunza kwamba weusi ni kitu cha aibu mpaka hakitajwi. Taja rangi kama unavyotaja urefu. Fulani ni yule mweusi mrefu anayekaa karibu na dirisha, hamna tatizo, ni kumtambulisha mtu. Tatizo linaanza pale rangi inapopewa zawadi, au huruma.

Tuanzie anapozaliwa maana ndo inapoanzia. Mtoto ana siku tatu, ndugu wamekuja na mbeleko na sabuni, na swali la pili baada ya jinsia ni rangi. Mweupe huyo! Alafu anatokea mtu mzima mmoja anafunua kitambaa anaangalia masikio na mzizi wa kucha, anasema subirini, huyu atakuwa mweusi huyu. Na chumba kinapoa. Wazazi, wale wanaoangalia masikio wanachokiona ni kweli, watoto wetu wengi huzaliwa na rangi ambayo haijakamilika. Ngozi ina seli zinazotengeneza melanini, ndo kitu kinachoipa ngozi rangi, na idadi ya hizo seli kwa mtu mweupe na mweusi inakaribiana, tofauti iko kwenye kiasi na aina ya melanini inayotengenezwa na inavyosambaa. Kwa kichanga hiyo kazi ndo inaanza, inaongezeka wiki hadi wiki, miezi ya mwanzo, na masikioni na kwenye kucha huwa inaonekana mapema. Kwa hiyo mtoto anayekoza akifika miezi mitano sita anakua kama inavyotakiwa. Lakini nimesikia kwa masikio yangu kliniki, mtu anamwambia mama mwenye mtoto mgongoni, mbona ameharibika rangi, mnampaka nini? Mama anarudi nyumbani anaanza kubadilisha mafuta, anauliza majirani, na mtoto hana shida yoyote.

Na hapo hapo linazaliwa lile la pili, huyu kachukua kwa nani? Kwetu hakuna weupe hivi. Au kwetu hakuna weusi hivi. Ndoa zinatikiswa kwa maneno haya. Rangi inabebwa na vinasaba vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, na baba na mama kila mmoja anatoa nusu ya alivyonavyo, na kila mtoto anapata mchanganyiko wake, ndo maana tumbo moja linatoa mweusi, maji ya kunde na mweupe. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pensilvania walitoa matokeo ya watu zaidi ya 1,500 kutoka Ethiopia, Botswana na hapa kwetu Tanzania, na wakakuta kwamba vinasaba vingi vya ngozi nyeusi na vya ngozi nyeupe vyote vilikuwepo Afrika tangu zamani sana, vingine kabla hata binadamu wa sasa hajatokea. Kwa hiyo mtoto akitoka mweupe katikati ya weusi hahitaji Mwarabu wala Mzungu wa kuelezea. Baba, ukisikia mama yako anaanza hilo swali mbele ya mkeo, lijibu wewe, usimwachie mke.

Kitu kingine ambacho ni cha hapa kwetu. Kuanzia mwezi wa sita upepo unaanza, mvua hakuna, vumbi mpaka kwenye madaftari, na ngozi za watoto zinapauka. Miguu inakuwa na michirizi myeupe, midomo inapasuka. Mtoto katoka kucheza, kapauka, kachafuka, na mzazi anamwambia nini? Hebu jiangalie ulivyokuwa mweusi, nenda kaoge, umekuwa kama mkaa. Wakati kilichopo pale ni vumbi na ukavu! Vumbi linatoka kwa maji, ukavu unatoka kwa mafuta, rangi haitoki. Mtoto mweusi akiambiwa aoge kwa sababu amekuwa mweusi, ataoga, atatoka, atajiangalia, bado ni mweusi, atarudi kujisugua. Tunao watoto wanaojisugua magoti na viwiko kwa jiwe mpaka wanachubuka, waulizeni watawaambia wanatoa weusi. Sema kilichopo, una vumbi miguuni, nenda kaoge. Ngozi imekauka, njoo nikupake mafuta. Mafuta ya alizeti yanatosha, mafuta ya mgando yanatosha, apakwe akiwa bado ana unyevu kidogo baada ya kuoga yanashika vizuri zaidi.

Nikigusa mafuta lazima niguse mkorogo, kwa kifupi maana sio mada yangu yote. Kwenye hizo krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa kuchanganywa, hasa zile za kikopo kisicho na maandishi, kuna vitu vitatu vya kuogopa. Zebaki, inaharibu figo, na inatoka kwa anayejipaka ikaenda kwa mtoto kwa kukumbatiana na kushirikiana taulo na mashuka. Haidrokwinoni, ikitumika muda mrefu kwa wengine inageuza mashavu kuwa na mabaka meusi ya kibluu, yani kinyume cha alichokuwa anatafuta. Na dawa kali za steroidi kama klobetasoli, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, inafanya ngozi inakuwa nyembamba, inaleta michirizi isiyofutika na vipele, na mtoto anaathirika upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, dawa inaingia mwilini kwa wingi. Vipele vya yule binti wa la pili vilianzia hapo, shangazi alikuwa ananunua kikopo cha kuchanganyiwa. Usimamizi wa vipodozi tangu 2019 uko chini ya TBS, kabla ilikuwa TFDA, na zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini marufuku haifiki kabatini kwako, wewe ndo unafika. Na mtoto akiwa na vipele vya ajabu usoni ambavyo haviishi, kabla ya kununua dawa ya fangasi muulize kwa upole amepaka nini. Kama alikuwa anapaka kwa muda mrefu mpeleke hospitali na hicho kikopo mkononi, waone ni kitu gani.

Darasani kwetu tunao pia watoto wenye ualbino, nchi yetu inakadiriwa mtu mmoja katika 1,400 anazaliwa hivyo. Fikirini wao wanasikia nini. Mweupe anasifiwa, yeye ni mweupe kuliko wote na anakimbiwa. Kwa mtoto huyu kuongelea ngozi ni lazima kila siku, lakini ni kuongelea kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kuzuia jua kabla ya kutoka, kukaa mbele aone ubao. Hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni maalumu kwa ajili yao, mzazi mwenye mtoto huyo akifuatilia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino hapa mkoani ataelekezwa. Ngozi inaongelewa kwa kutunzwa, na wengine wote tungeiongelea hivyo ingetosha.

Sasa mtauliza tuseme nini, maana mdomo umezoea. Mgeni amekuja kuona kichanga, na mimi mama nataka kumsaidia asianze na rangi. Mpe cha kusema. Mwambie ona anavyoshika kidole, amini usiamini jana kanifuata kwa macho nilipopita. Watu wengi wanasema mweupe huyo kwa sababu hawana kingine cha kusema kuhusu mtoto wa siku tatu. Shangazi amekuja Jumapili, kamwona binti, anaanza haka keupe. Huna haja ya kugombana na mkubwa, muite mtoto, mwambie mwonyeshe shangazi ulivyoandika jina lako, au mwambie shangazi nani alibeba maji leo bila kutumwa. Na yule mwingine aliyekaa pembeni mpe zamu yake hapo hapo, asisubiri mgeni aondoke. Ukifanya mara nyingi shangazi anazoea, anakuja ameshajua nyumba hii inaulizia madaftari.

Mtoto akija na swali, mama kwa nini mimi mweusi? Jibu ukweli. Rangi yako umeipata kwangu na kwa baba yako, kwenye ngozi kuna melanini, inasaidia kupunguza jua lisikuchome. Ukimaliza, umemaliza, usiongeze na ndo nzuri kuliko zote. Lakini akija na lile lingine, nataka kuwa mweupe, hapo usikimbilie kubembeleza. Uliza kwanza. Nani kasema nini? Lini? Ukawa unafanya nini? Maana mara nyingi kuna kitu kimetokea, kuna mtu kamnyima kuwa bibi harusi kwenye mchezo, kuna mtu kamwita lami, kuna jirani kasema kitu dirishani. Ukimwambia tu wewe mzuri mama, unafunga mlango na lile lililotokea linabaki ndani yake. Ukishajua, shughulika na aliyesema. Kama ni shuleni njoo uniambie mimi, sio mwezi ujao, siku hiyo hiyo.

Na majina ya utani. Cheupe, Mzungu, Mwarabu, Blaki, Lami. Najua mengine yana upendo mwingi ndani yake, kuna mtu hapa labda anaitwa Blaki na mtaa mzima na anajisikia vizuri. Mtu mzima aliyejichagulia ni sawa. Ila mtoto hajachagua, na ndani ya nyumba yenye watoto wawili, jina la mmoja ni ujumbe kwa mwingine.

Ile familia niliyoanza nayo, tulikaa na baba na mama tukakubaliana mambo machache. Jina la Mzungu likaachwa, wote wakaitwa majina yao. Kikopo cha shangazi kikaondoka bafuni, binti akapelekwa hospitali ngozi ikatulia. Mimi nikaongea na mama wa vitumbua na boda, na niwaambie ukweli hawakubisha hata kidogo, yule mama alisema mbona nilikuwa sijui jamani. Yule mdogo alianza kutoka barazani kidogo kidogo, kwanza mpaka kwenye mti, baadaye kwenye rede. Mkubwa alichelewa. Nilikaa muda mrefu kabla sijaona amejipaka rangi kwenye mchoro, na hata hapo alijipaka kwa kahawia hafifu sana. Na bibi kijijini aliendelea na Mzungu wangu mpaka wanahama, likizo ikiisha tunaanza upya. Sikuweza kumaliza, mzazi ndo anayebaki na mtoto.

La mwisho ni la kwetu sisi shule. Kuna tabia kwenye mashule mengi, mgeni rasmi akija kwenye mahafali wanatafutwa watoto wa kumpa maua na kumvisha skafu, na mkiangalia picha mtaona wanaochaguliwa wanafanana. Watoto wanaona, wazazi mnaona. Nimeongea na mwalimu mkuu na wenzangu, na kuanzia mahafali ya awali ya mwaka huu wa kutoa maua watapatikana kwa kura, majina yote ya darasa yanaingia kwenye ndoo, mzazi mmoja anachota mbele ya watoto. Akitoka wako, mlete amepakwa mafuta na sare imefuliwa, poda usoni hatutaki.

Nimemaliza upande wangu. Kuna baba pale nyuma, mwenye kofia, alinyoosha mkono tangu nilipotaja blakbyuti, naona ana hoja na huenda hatukubaliani. Karibu baba, anza wewe.